Kurasa mbili za daftari moja: kisa cha binti aliyekwama mara mbili kwenye swali lile lile

Mwezi wa Juni Uyole huwa na baridi ya kukausha vidole, na wanafunzi wa kutwa huingia darasani mikono ikiwa mfukoni. Ijumaa moja ya mwezi huo niliwapa Kidato cha Tatu, mkondo A, swali moja la kwenda nalo nyumbani. Lilikuwa na vipengele viwili. Binti mmoja alikwama kwenye vyote viwili. Cha kwanza alikihangaikia peke yake, na ninashukuru hakuniuliza. Cha pili pia alikihangaikia peke yake, na hapo alipoteza siku nne bure. Kosa la siku hizo nne lilikuwa langu zaidi kuliko lake. Nimelirudia daftari lake mara nyingi, kwa ruhusa yake, na naeleza hapa nilichokiona ndani yake.

Swali lilihusu dunia kama tufe. Meli inatoka nukta A (60°N, 5°W) na kwenda magharibi hadi nukta B (60°N, 41°W), ikifuata mstari wa latitudo bila kuuacha. Kwanza, tafuta umbali kwa kilomita, ukichukua nusukipenyo cha dunia kuwa kilomita 6,370 na π kuwa 3.14. Pili, meli ikienda kwa mwendo wa mafundo 20, itatumia saa ngapi? Majibu niliyaandika ubaoni pembeni ya swali: kilomita 2,000 na saa 54. Huwa natoa jibu makusudi, kwa sababu mwanafunzi asiye na jibu hawezi kujua kwamba amekosea, na asiyejua amekosea hana cha kuhangaikia.

Tulikuwa tumemaliza umbali kwenye duara kuu, yaani kwenye ikweta na kwenye mistari ya longitudo. Umbali kwenye latitudo nyingine nilikuwa sijafundisha. Nilitaka wafike Jumatatu wakiwa wameshaigusa shida yenyewe. Nikawaachia na sharti langu la miaka yote: asinifuate mtu kabla hajahangaika nusu saa nzima.

Ukurasa wa kwanza wa daftari lake ni wa kipengele cha umbali. Alianza vizuri. Kutoka 5°W hadi 41°W ni digrii 36, na 36 kwa 360 ni sehemu moja ya kumi ya mzunguko. Mzunguko wa dunia ni 2 × 3.14 × 6,370, yaani kilomita 40,003.6. Sehemu yake ya kumi ni kilomita 4,000. Chini yake akaandika kwa kalamu nyekundu: "langu ni mara mbili ya la mwalimu."

Jaribio la pili lilikuwa la hatari, na ndilo linalowanasa wengi. Kwa kuwa jibu lake lilikuwa mara mbili, aliitoa ile 2 kwenye fomula, akabaki na 3.14 × 6,370, akapata 2,000. Jibu likalingana na la ubaoni. Saa aliyoandika pembeni inaonyesha kwamba dakika 25 zilikuwa zimepita. Angefunga daftari hapo, sharti langu la nusu saa lingekuwa limekaribia kutimizwa, jibu lingekuwa sahihi, na asingekuwa amejifunza chochote. Hata tiki angeipata kwangu, kama ningesahihisha kwa haraka.

Hakufunga. Pembeni aliandika, "2 imetoka kwa nini?" Kisha akachukua swali jingine la kitabuni lenye jibu nyuma: nukta mbili kwenye 9°S, moja 33°E na nyingine 39°E. Hizo ni sehemu za huku kwetu, ukitoka upande wa Mbozi ukanyoosha mashariki hadi karibu na Kilwa. Jibu la kitabu lilikuwa kilomita 659. Kwa fomula yake mpya, isiyo na 2, alipata 333. Kwa fomula ya zamani, 667. Kwa hiyo kuitoa 2 hakukuwa suluhisho. Ila sasa alikuwa na kitu ambacho hakuwa nacho mwanzo: kwenye latitudo ya 60 jibu ni nusu ya hesabu yake, na kwenye latitudo ya 9 jibu linakaribia hesabu yake nzima, limepungua kidogo tu.

Hapo alilala. Kesho yake, Jumamosi, alikuwa sokoni na mama yake, ambaye huuza viazi. Aliniambia baadaye kwamba alichukua kiazi mviringo kimoja kilichokaa vizuri, akakizungushia uzi katikati, kisha akakizungushia karibu na ncha. Uzi wa nchani ulikuwa mfupi. Jambo hilo mtu yeyote analijua, lakini yeye alikuwa hajalihusisha na swali. Alikuwa anatumia urefu wa mkanda wa katikati ya dunia kupima safari iliyopita karibu na ncha.

Aliporudi nyumbani aligawanya majibu ya kweli kwa majibu yake: 2,000 kwa 4,000 ni 0.5, na 659 kwa 667 ni 0.988. Akafungua kitabu cha majedwali. Kosaini ya 60° ni 0.5. Kosaini ya 9° ni 0.9877. Akachora duara, akaweka kitovu cha dunia, akavuta mstari hadi kwenye latitudo ya 60, akapata pembetatu yenye pembemraba, na humo akaona kwamba nusukipenyo cha duara dogo ni nusukipenyo cha dunia mara kosaini ya latitudo. Jumla ya muda, kwa saa alizoandika, ni kama saa moja na nusu katika vikao viwili.

Nauita muda huo mahangaiko yenye faida, na ninaweza kuonyesha faida yenyewe ilipo. Kila jaribio liliacha kitu kwenye karatasi. La kwanza liliacha habari kwamba amezidisha mara mbili. La pili lilionyesha kwamba mara mbili hiyo si ya kudumu. Uzi ulionyesha inakotoka. Jedwali likampa jina lake. Ukimwondolea mtu jaribio lolote kati ya hayo, linalofuata lisingekuja. Tena vyote alivyohitaji vilikuwa tayari mkononi mwake: mzingo wa duara aliujua, na kosaini ya pembetatu tulisoma Kidato cha Pili. Alichokosa ni kuviunganisha tu, na kuunganisha ndiyo kazi ambayo mtu akifanyiwa hubaki na fomula bila njia.

Ukurasa wa pili una sura nyingine kabisa, na usipoambiwa unaweza kudhani ni wa mtu mwingine.

Unaanza hivi: 2,000 ÷ 20 = 100. Jibu la ubaoni ni saa 54. Alijaribu mbinu iliyomfaa kule nyuma, akagawanya 100 kwa 54, akapata 1.85. Akaenda kwenye jedwali, kisha akaandika, "kosaini haizidi 1." Akaigeuza: 54 kwa 100 ni 0.54. Jedwali likampa pembe ya digrii 57 na kitu. Akaitafuta 57 kwenye swali zima, hakuiona. Mstari unaofuata ni 60 − 3, bila maelezo. Halafu 5 + 41 = 46, umekatwa. Halafu, mwisho wa ukurasa, 90 − 36 = 54, umezungushiwa duara, na pembeni neno "labda", na chini ya hapo, kwa mwandiko mdogo, "lakini digrii zimegeukaje saa?" Baada ya hapo 2,000 ÷ 20 = 100 imeandikwa tena. Imeandikwa tena Jumatatu. Imeandikwa tena Jumatano.

Mtoto yule yule, wiki ile ile, akili ile ile. Hakuwa amechoka wala hakuwa amevivia. Tofauti ilikuwa kwenye kilichokosekana. Kwenye kipengele cha kwanza kilichokosekana kilikuwa ndani ya umbo la duara, na umbo la duara alikuwa nalo. Kwenye kipengele cha pili kilichokosekana yalikuwa makubaliano ya watu. Mabaharia walikubaliana kupima mwendo wa chombo kwa mafundo, na mtu aliyezaliwa Nyanda za Juu Kusini, mbali na bahari, hawezi kuyapata makubaliano hayo kwa kuwaza, hata akiwaza hadi Krismasi. Hayamo kwenye pembetatu. Hayamo kwenye kiazi.

Kilichomponza zaidi ni kwamba hakujua kuwa neno hilo halijui. Swali liliandikwa kwa Kiingereza, na neno lililotumika ndilo lile lile la fundo la kamba, ambalo alilifahamu tangu shule ya msingi. Neno usilolijua kabisa hukuzuia mlangoni, ukalitafuta. Neno unalolijua kwa maana nyingine hukuruhusu upite, nawe ukapita umebeba maana isiyo yake. Kwa kuwa kasi zote alizowahi kukutana nazo zilikuwa za kilomita kwa saa, alichukulia kwamba na hii ni hivyo hivyo.

Na mimi nilikuwa wapi? Kipimo hicho nilikieleza kwenye mkondo B Alhamisi iliyotangulia swali, nikaamini nimekieleza na mkondo A. Sikuwa nimekieleza. Jumatatu, baada ya kufundisha umbali wa latitudo, niliuliza darasa swali ambalo walimu wengi tunauliza: "Kuna aliyekwama?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Niliondoka nimeridhika. Alipokuja kwangu Alhamisi, nilimuuliza kwa nini siku ile hakusema.

"Mwalimu ulisema tuhangaike kwanza," alijibu. "Na cha kwanza nilihangaika, nikakipata. Nikasema hiki nacho nitakipata."

Jibu hilo liliniuma, kwa sababu lilikuwa na mantiki. Sharti la nusu saa linamwambia mwanafunzi kwamba kuhangaika ni suala la muda: ukivumilia zaidi, utapata zaidi. Kwa kipengele cha kwanza sharti lingemruhusu kuacha mapema mno, akiwa na jibu linalolingana kwa bahati. Kwa kipengele cha pili lilimfanya abaki mno. Saa ya ukutani haikuweza kutofautisha hali hizo mbili, lakini daftari lilizitofautisha waziwazi.

Alipofika ofisini siku hiyo, aliamkia, nikaitikia, nikamwomba anisomee swali kwa sauti, neno kwa neno, anieleze kila neno kama anamweleza mdogo wake. Alifika kwenye fundo.

"Hapa fundo ni nini?"

"Ni kasi, mwalimu."

"Kasi ya kiasi gani? Fundo moja ni umbali gani kwa saa moja?"

Akanyamaza. Kisha akasema polepole, "Mwalimu, mimi nimeweka kilomita."

Nilimwambia mambo mawili. Fundo moja ni maili moja ya baharini kwa saa. Na maili ya baharini ilitokana na urefu wa dakika moja ya digrii, yaani sehemu ya sitini ya digrii, juu ya duara kuu la dunia. Nikaishia hapo. Ningeweza kumwambia kwamba maili hiyo ni kilomita 1.852, ambacho ndicho kipimo kilichokubaliwa kimataifa tangu 1929, na angemaliza kwa dakika moja. Sikumwambia, kwa sababu namba hiyo, kwa usahihi uliotosha swali lake, aliweza kuipata mwenyewe. Maana ya neno ndiyo asingeweza kuipata.

Alikaa kwenye benchi nje ya ofisi. Digrii 360 mara dakika 60 ni dakika 21,600 kuzunguka dunia nzima. Kilomita 40,003.6 kwa 21,600 ni 1.852. Nilimwona akifunua ukurasa wa nyuma haraka kuitazama ile 1.85 yake ya Jumamosi. Ilikuwa pale siku zote. 2,000 kwa 1.852 ni maili 1,080, na 1,080 kwa 20 ni saa 54. Hazikuzidi dakika kumi. Nikamwongezea, kwa kuwa sasa ilimfaa, kwamba jina hilo linatokana na mabaharia wa zamani waliokuwa wakitupa baharini kamba yenye mafundo na kuhesabu mafundo mangapi yamepita mkononi kwa muda fulani.

Mtafiti Sharon Nelson-Le Gall aliandika mwaka 1981 kuhusu watoto wanaoomba msaada, akatenganisha maombi ya aina mbili: la kutaka kazi ifanywe na mwingine, na la kutaka kile tu kitakachokuwezesha kuifanya mwenyewe. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka wanafunzi wangu wawili wa wiki ile. Kijana mmoja alinifuata Ijumaa hiyo hiyo, kabla sijatoka mlangoni: "Mwalimu, hii inasolviwaje?" Nilikuwa na haraka, nikamwandikia fomula yenye kosaini. Alipata kipengele cha kwanza papo hapo. Wiki mbili baadaye niliwapa jaribio ambalo umbali ulitolewa, pamoja na longitudo mbili, wakatakiwa kutafuta latitudo. Aliandika fomula yote vizuri, akaishia hapo. Binti yule aliugawanya umbali uliotolewa kwa umbali wa ikweta, akaenda kwenye jedwali kinyumenyume, kama alivyofanya siku ya viazi. Wanafunzi wawili hawathibitishi kitu, na binti huyo huyo kwenye jaribio lile alitoa longitudo mbili ambazo moja ilikuwa mashariki na nyingine magharibi, badala ya kuzijumlisha. Ila naamini kabisa kwamba fomula niliyomwandikia kijana yule mlangoni nilimnyima nayo kitu, na nilipaswa kumuuliza kwanza amejaribu nini.

Lipo jambo ambalo walimu wenzangu hulikosea wanapoisifu njia ya kuwaacha wanafunzi wahangaike. Manu Kapur, aliyechapisha mwaka 2008 utafiti wake kuhusu kushindwa kwenye faida, hakuwaacha wanafunzi wakae na shida milele. Katika mpango alioujenga baadaye juu ya utafiti huo, wanafunzi hujaribu kwanza, wengi hawafiki, halafu mwalimu huja na kufundisha, akiyatumia majaribio yao yenyewe. Mahangaiko huandaa kichwa kupokea somo. Somo lisipokuja, kilichoandaliwa hubaki wazi. Kwa binti huyu, somo la Jumatatu lilikuja kwa kipengele cha kwanza, likamkuta tayari. Kwa kipengele cha pili halikuja kabisa.

Sharti la nusu saa nimelifuta. Sasa nawaambia watazame majaribio yao mawili ya mwisho. Kama la mwisho limekuonyesha kitu ambacho lililotangulia halikuonyesha, hata kama ni kwamba njia fulani imekufa, endelea, usinifuate bado. Kama majaribio mawili mfululizo hayakuacha kitu, au unachagua kujumlisha au kutoa kwa sababu tu namba zinaelekea jibu, simama. Rudi kwenye maneno ya swali na uyaeleze moja moja. Ukikuta neno, kipimo au alama ambayo huwezi kuieleza bila kubahatisha, uliza siku hiyo hiyo. Anza na kitabu au na mwenzako, usipopata njoo kwangu, na hapo dakika tano za kuhangaika zinatosha. Na asiyeweza hata kuchora picha ya swali, kwa mfano yule ambaye kosaini ya Kidato cha Pili ilimpita akiwa mgonjwa, nataka aje mara moja. Huyo hana vya kuunganisha, na kumwambia ahangaike ni kumtuma kisimani bila ndoo.

Anayekuja huja na daftari, si na swali tupu. Nikiliona, kwa kawaida najua ndani ya dakika moja nimpe neno moja au nimrudishe kwenye benchi. Darasani nimeacha kuuliza nani amekwama. Napita kati ya madawati na kuomba nionyeshwe ukurasa wa mwisho wa kila mmoja. Darasa lenye watoto wengi siwezi kulimaliza kwa kipindi kimoja, kwa hiyo nachukua safu moja kila siku, na ninayemkuta ameandika mstari ule ule mara tatu nakaa naye.

Wiki iliyopita binti yule alikuja wakati wa mapumziko, na sidhani kama alikuwa amelitazama swali lake kwa zaidi ya dakika saba. Lilikuwa la takwimu. Alikuwa ameweka kidole juu ya neno moja.

"Mwalimu, hili silijui. Mengine niachie."